Dumu la Akiba la Mafuta kwa Safari ya Natron na Loliondo: Kuchagua Aina na Ukubwa Wake

Anayetoka Arusha au Moshi kwenda Loliondo kwa njia ya Ziwa Natron huiacha lami ya Karatu pale Mto wa Mbu, akapita Engaruka na Engare Sero chini ya Ol Doinyo Lengai, kisha akapanda ukingo wa Bonde la Ufa hadi Sale na Wasso. Kwa hesabu za usalama, Mto wa Mbu ndipo mahali pa mwisho pa kujaza mafuta kwa uhakika. Mbele ya hapo petroli hupatikana vijijini kwa chupa na vidumu, bila kujua imechanganywa na nini, na ukifika Wasso unaweza kukuta mafuta yapo, au ukaambiwa lori linasubiriwa. Kwa hiyo dereva mwenye busara hubeba akiba yake mwenyewe, na hapo ndipo swali la dumu linapoanza: liwe la chuma au la plastiki, na liwe la lita ngapi.

Watu wengi hulijibu swali hili dukani, wakiwa wamesimama mbele ya madumu yenyewe. Ushauri wangu ni kulijibu nyumbani, kwa kalamu na karatasi, na kuanzia mwishoni: kwanza ujue mafuta ya akiba utayamimina ndani ya tanki ukiwa wapi, kisha ndipo uchague dumu linaloweza kuyafikisha hapo salama. Dumu ambalo mahali pa kulimimina hapajulikani kwa kawaida huzunguka safari nzima likiwa limejaa juu ya keria, na hiyo ndiyo hali yake ya hatari kuliko zote.

Hatua ya kwanza: tafuta upungufu, usikisie

Unahitaji kujua mambo matatu, nayo ni umbali, ulaji wa gari lako katika barabara ya aina hiyo, na kiasi cha mafuta ambacho tanki lako linakupa kweli. Ulaji usiuchukue kwenye kijitabu cha gari. Jaza tanki mpaka bomba la kituo lijizime lenyewe, endesha gari likiwa na mzigo unaofanana na ule wa safari kwenye barabara ya vumbi na mawe, kisha rudi ujaze tena kwa namna ileile, na ugawanye kilomita kwa lita zilizoingia. Gari la petroli linalokwenda kilomita 10 kwa lita kwenye lami ya Moshi hadi Arusha linaweza kushuka hadi kilomita 6 kwenye majivu ya volkeno na mchanga wa Natron, ambako unatumia gia ndogo na magurudumu yote manne yanavuta.

Tuchukue gari la namna hiyo, lenye tanki la lita 60, linalokula lita moja kwa kila kilomita 6. Katika zile lita 60, lita 5 za mwisho usizihesabu, kwa kuwa gari linapoinama kwenye mteremko au kutikisika pampu inaweza kuvuta hewa hata kama kuna mafuta yaliyobaki, na taka zilizotulia chini ya tanki hukorogeka. Zinabaki lita 55 za kufanyia kazi.

Kutoka Mto wa Mbu hadi Engare Sero ni kama kilomita 120. Weka kilomita 60 za kuzunguka hapo, kwenda ufukweni mwa ziwa na hadi chini ya mlima. Kutoka Engare Sero hadi Wasso weka kilomita 110. Vipimo hivi nimeviongeza kidogo makusudi, kwa sababu korongo lililofurika hukulazimisha kuzunguka. Lami iliyopo upande wa Sale na Wasso nayo sikuipunguzia ulaji, kwa kuwa kabla yake kuna mlima ambao gari huupanda likinguruma kwa gia ya kwanza na ya pili.

Kama safari yako inaishia Natron na kurudi Mto wa Mbu, umbali ni kilomita 300, sawa na lita 50. Ukiongeza robo ya tahadhari unapata lita 62 na nusu, na tanki linatoa 55. Upungufu ni lita 7 na nusu tu. Dumu moja la lita 10 linatosha kabisa, na mtu anayefunga madumu mawili ya lita 20 juu ya gari kwa safari hiyo anajibebea uzito na hatari bila sababu.

Kama unakwenda Wasso, hesabu inabadilika. Kwenda, pamoja na mizunguko ya Natron, ni kilomita 290, yaani lita 48 na kidogo. Kurudi moja kwa moja ni kilomita 230, yaani lita 38 na kidogo. Jumla ni karibu lita 87, na tanki lina 55. Unapungukiwa lita 32 kabla hujaweka tahadhari yoyote. Madumu mawili ya lita 20 yanakupa lita 95, hivyo ukikuta hakuna mafuta Wasso unaweza kugeuza na kufika Mto wa Mbu ukiwa na lita 8 hivi za ziada, mbali na zile 5 tulizoziacha chini ya tanki. Ziada hiyo ni zaidi kidogo ya humusi moja ya mafuta ya kurudi. Mimi naiona inatosha wakati wa kiangazi. Wakati wa masika, tope linapoongeza ulaji, ningeongeza dumu la lita 10 au nisingekwenda bila kupiga simu Wasso kuuliza kama mafuta yapo.

Hatua ya pili: aina ya mafuta ndiyo inayochagua aina ya dumu

Petroli na dizeli huuzwa katika kituo kimoja, lakini ndani ya dumu tabia zake ni tofauti kabisa. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi kali kuliko inayowahi kufika hapa kwetu. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo huteremka na kutambaa chini, ukaingia ndani ya buti, chini ya viti na kwenye mashimo ya ardhini. Dizeli kwa kawaida haitoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 50. Ikimwagika inatelezesha na kunuka, nayo ni lazima ifutwe, ila haijazi gari mvuke unaongoja cheche.

Sasa fikiria njia yenyewe. Umejaza petroli asubuhi Arusha, mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, joto likiwa nyuzi 18. Mchana uko Engare Sero, mita 600 hivi, na dumu lililo juu ya keria limepigwa jua mpaka petroli iliyomo ikafika nyuzi 45. Lita 20 za petroli zikipata joto hilo la ziada hutanuka kwa karibu nusu lita. Kibaya zaidi ni mvuke, kwa sababu unavyozidi kujaa katika nafasi iliyo juu ya mafuta ndivyo unavyosukuma kuta na mfuniko kutoka ndani. Kisha unapanda kuelekea Wasso, karibu mita 2,000, ambako shinikizo la hewa ya nje ni pungufu kwa takriban sehemu moja ya saba kuliko kule ulikotoka ziwani. Dumu linasukumwa zaidi kutoka ndani, na huku nje kinacholizuia kimepungua. Ndiyo maana dumu lililokuwa kavu Mto wa Mbu linaweza kuanza kutoa jasho la petroli kwenye mfuniko katikati ya mlima.

Hapo ndipo chuma kinapojipatia nafasi yake. Dumu la chuma la umbo la kijeshi, ambalo asili yake ni Ujerumani katika miaka ya 1930, lina mambo manne yanayolifaa kwa kazi hii. Chuma hakipitishi mvuke. Kuta zake zina mistari iliyokandamizwa inayoziruhusu kutanuka kidogo bila kupasuka. Mdomo wake umewekwa pembeni kwa juu, hivi kwamba dumu likisimama wima lina nafasi ya hewa hata likiwa na lita zake 20 kamili. Na mfuniko wake hufungwa kwa wenzo unaoubana kwa nguvu, wenye kipini cha kuuzuia usifunguke kwa mtikisiko.

Plastiki nayo ina sifa zake: ni nyepesi, haipati kutu, na ikigongwa hurudi katika umbo lake. Tatizo ni kwamba plastiki ya kawaida ya madumu, ile inayoandikwa HDPE au yenye namba 2 ndani ya alama ya pembetatu, hupitisha petroli polepole katika ukuta wake wenyewe. Hutaona tone lolote, lakini gari litanuka na lita zitapungua. Yapo madumu ya plastiki yaliyotengenezwa kwa ajili ya petroli, ambayo ukuta wake umetiwa tabaka au dawa ya kuzuia jambo hilo, na hayo ni mazuri. Kuyatambua kunahitaji kusoma alama, nami nitalieleza hilo katika hatua inayofuata.

Dumu la manjano la mafuta ya kula, ambalo liko katika kila nyumba na kila soko, lisibebe petroli kamwe. Ukuta wake ni mwembamba, mfuniko wake hauna raba inayostahimili petroli, na jua la wiki chache hulifanya kuwa gumu na kuvunjika kwa urahisi. Jambo linalonisumbua zaidi kuliko yote hayo ni kwamba dumu hilohilo ndilo linalotunza maji na mafuta ya kupikia katika nyumba zetu. Mtoto mwenye kiu, au mpishi aliye gizani, hawezi kutofautisha. Chupa za maji na soda nazo ziingie katika katazo hilo.

Uamuzi wangu kwa hiyo ni huu. Gari la petroli katika njia ya joto na milima litumie dumu la chuma, au la plastiki lililotengenezwa mahsusi kwa petroli kama ni lita 10 au pungufu. Gari la dizeli linaweza kutumia plastiki nzito ya HDPE iliyo nzima, na dereva akafaidi wepesi wake. Dizeli isiwekwe katika dumu la bati lililopakwa zinki ndani, kwa kuwa zinki huungana na dizeli na kuacha uchafu unaoziba chujio na nozeli.

Hatua ya tatu: kulikagua dumu dukani

Muuzaji atakuambia, "Hili ni la mafuta, kaka, hata wanajeshi wanalitumia." Mshukuru, kisha ulishike mwenyewe.

Anza na uzito. Dumu la chuma la lita 20 lililotengenezwa vizuri huwa na karibu kilo 4 likiwa tupu. Likiwa chini ya kilo 3, bati lake ni jembamba, na ukilibonyeza kwa kidole gumba katikati ya ukuta utalisikia likiingia na kutoka kwa mlio. Hilo halitavumilia barabara yenye mawimbi. Fuata kwa kidole ungio la nusu mbili za dumu kuanzia mdomoni hadi chini. Linatakiwa liwe mstari mmoja usiokatika, bila vitundu na bila mahali palipozibwa kwa gundi au rangi nene.

Kisha angalia ndani, mchana, ukiuelekeza mdomo kwenye mwanga. Dumu zuri limepakwa rangi ya kinga ndani, na rangi hiyo haina malengelenge. Weka kitambaa cheupe kwenye kidole, ukipitishe ndani ya mdomo kadiri kinavyofika. Kikitoka na vumbi la rangi ya udongo mwekundu, kutu imekwishaanza, nayo itaishia kwenye chujio la petroli la gari lako.

Raba ya mfuniko ndiyo sehemu ndogo inayoangusha madumu makubwa. Lazima iwe ya aina inayostahimili petroli, laini, isiyo na nyufa, na ikae katika mfereji wake bila kuzunguka. Raba ikipotea, mafundi wengi hukata nyingine kutoka kwenye tyubu ya tairi. Inaonekana kufaa siku ya kwanza, lakini mpira wa tyubu hufura ukikaa kwenye petroli, ukajikunja na kutoka mahali pake, na dumu likaanza kuvuja likiwa safarini. Nunua raba mbili za ziada papo hapo unaponunua dumu, maana ukirudi baadaye kuzitafuta peke yake ni kazi.

Kwa plastiki, tafuta maandishi yaliyochongwa katika ukuta wenyewe, si karatasi iliyobandikwa. Dumu lililofaulu majaribio ya kimataifa ya kubebea bidhaa za hatari lina alama ya UN ndani ya duara, ikifuatwa na `3H1` ikiwa ni dumu la plastiki, au `3A1` ikiwa ni la chuma. Baada yake huja herufi. Kwa petroli herufi hiyo iwe `Y` au `X`. `Z` inatosha kwa dizeli tu. Katika alama hizo kuna mwaka wa kutengenezwa pia, na dumu la plastiki lililopita miaka 5 tangu mwaka huo haliruhusiwi tena kubebea bidhaa za hatari chini ya kanuni hizo. Alama hii haisemi peke yake kwamba ukuta umetiwa kinga ya kuzuia petroli kupenya, kwa hiyo tafuta pia neno linaloruhusu petroli waziwazi. Lisipokuwepo, dumu hilo lichukulie kuwa la dizeli.

Kabla ya safari lifanyie jaribio. Litie lita moja ya mafuta, lifunge, ulilaze mfuniko ukiwa chini juu ya boksi kavu la karatasi, kivulini, uwanjani mahali penye hewa, mbali na jiko, sigara na watoto. Baada ya saa moja boksi liwe kavu kabisa. Doa dogo kama shilingi hapa ni dalili ya mkondo mzima utakaotoka dumu likijaa na kupata joto.

Hatua ya nne: ukubwa

Lita moja ya petroli ina robo tatu ya kilo hivi, kwa hiyo lita 20 ni kilo 15, na ukijumlisha chuma unabeba kilo 19. Dizeli ni nzito zaidi, karibu kilo 17 kwa lita 20, kabla ya uzito wa dumu. Kuuinua mzigo huo kutoka chini si shida kwa mtu mzima mwenye afya. Shida ni kuushusha kutoka juu ya gari, kisha kuushikilia ukiwa umeinama usawa wa kifua kwa dakika moja au mbili huku upepo wa Natron unavuma. Asiyeweza kufanya hivyo bila kutetemeka achague madumu ya lita 10. Gharama yake kwa kila lita ni kubwa na yanachukua nafasi zaidi, ila mafuta yote yataingia katika tanki badala ya kumwagika kwenye mchanga.

Kuna kanuni nyingine ninayoiheshimu zaidi kuliko uzito: kila dumu lazima liweze kumiminwa lote kwa mara moja. Dumu lililobaki nusu lina mvuke mwingi, mafuta yake yanachezacheza na kupiga kuta, na hewa yenye unyevu iliyoingia wakati wa kumimina huacha matone ya maji ndani usiku ukiwa wa baridi. Kwa hiyo linganisha ukubwa wa dumu na nafasi itakayokuwa imepatikana ndani ya tanki mahali unapokusudia kulimimina.

Turudi kwenye gari letu. Likifika Engare Sero limekula lita 20, na baada ya mizunguko ya ziwani limekula 30. Asubuhi ya kuondoka, kabla ya kuukabili mlima, dumu la kwanza la lita 20 linaingia lote na bado tanki lina nafasi. Kutoka hapo hadi Wasso gari linakula lita 18 na kidogo, hivyo nafasi iliyo wazi ndani ya tanki inakuwa lita 28, na dumu la pili nalo linaingia lote. Unaanza safari ya kurudi ukiwa na lita karibu 47 za kutumia, zote ndani ya tanki, na juu ya keria kuna madumu matupu tu. Hesabu imekubali madumu ya 20. Kama tanki lingekuwa la lita 40, kama yalivyo ya magari mengi madogo, ningetumia madumu ya 10 na kumimina mara nyingi zaidi.

Kwa pikipiki, kidumu cha lita 5 ndicho kipimo. Kifungwe upande wa pili wa bomba la moshi, wala si juu ya tanki mbele ya dereva.

Hatua ya tano: mahali pa kulifunga

Petroli isikae ndani ya gari pamoja na watu, hata katika dumu lililo bora. Katika gari lenye bodi iliyofungika, buti na chumba cha abiria ni chumba kimoja. Inabaki keria ya juu, au fremu ya chuma iliyofungwa nyuma ya gari. Fremu ya nyuma ni rahisi kwa kushusha, lakini dumu linakuwa la kwanza kugongwa lori likikufuata kwa karibu. Keria inaliepusha na hilo, ila inaupeleka uzito juu, na madumu mawili yaliyojaa, karibu kilo 38, utayasikia kwenye kona. Yaweke katikati ya upana wa keria, kuelekea mbele kidogo, na uangalie kijitabu cha gari kama paa linaruhusiwa kubeba uzito huo pamoja na uzito wa keria yenyewe. Kwa pikapu, dumu lisimame wima katika kona ya mbele ya bodi, nyuma ya kibini.

Lisimame wima daima, mfuniko juu. Chini yake weka kipande cha mpira wa tairi, kwa maana kichwa cha bolti au ukingo wa chuma ukisugua kwa kilomita 200 za mawimbi hutoboa plastiki na hata bati. Lifunge kwa mikanda ya racheti miwili. Kamba za mpira hazifai, kwani huvutika kila gari linaporuka. Lifunike kwa turubai jepesi la rangi nyeupe, ukiacha hewa ipite pembeni. Baada ya nusu saa ya kwanza ya barabara mbovu simama ukague: gusa mikanda, nusa mfuniko, pitisha mkono chini ya dumu.

Hatua ya sita: kujaza na kumimina

Vituo vingine hukataa kujaza dumu la plastiki, na wana sababu, hivyo uliza kabla. Dumu lishushwe chini, juu ya sakafu, lisijazwe likiwa juu ya gari au ndani ya bodi ya pikapu. Mafuta yanapotiririka huzalisha umeme tuli, na dumu lililokaa juu ya plastiki au zulia halina mahali pa kuupeleka. Cheche moja kati ya bomba na mdomo wa dumu inatosha. Bomba liguse mdomo wa dumu la chuma tangu mwanzo hadi mwisho, na mhudumu ajaze polepole. Mwambie lita kwa namba. Dumu la chuma la 20 lisizidi lita 20 kwenye mita hata kama bado lina nafasi, na la plastiki la 20 liishie 19. Jaza Mto wa Mbu badala ya Arusha kama ratiba inaruhusu, kwani utakuwa umepunguza zaidi ya kilomita 100 za kubeba petroli juu ya paa pasipo haja.

Wakati wa kumimina, chagua asubuhi. Dumu lililopigwa jua lipumzike kivulini kwanza, kisha uweke kitambaa juu ya mfuniko, ugeuze uso pembeni na uulegeze kidogo kidogo mpaka mlio wa hewa uishe. Mfuniko wa wenzo hufunguka kwa kishindo ukifunguliwa kwa pupa, na petroli hurukia machoni. Zima injini, abiria washuke, simu na sigara vikae mbali. Gusisha dumu kwenye bodi ya gari karibu na mdomo wa tanki kabla ya kumimina.

Mdomo wa tanki la magari mengi ya petroli ni mwembamba na una kibati kinachojifunga. Faneli pana haikifungui. Lijaribu bomba lako la kumiminia nyumbani, kwa maana ukiligundua hilo Engare Sero utamimina petroli kwa kisu na kipande cha chupa. Faneli iwe na chujio. Anayetumia mpira badala ya kumimina atafute ule wenye vali ya kutikisa mwishoni. Kunyonya kwa mdomo ni mazoea mabaya sana. Petroli kidogo ikiingia kwenye mapafu huleta homa ya mapafu ya hatari, na aliyeimeza asitapishwe, bali apelekwe hospitali.

Baada ya kurudi

Petroli iliyobaki imiminwe kwenye tanki na itumike, isihifadhiwe nyumbani kwa safari ijayo. Dumu tupu lifungwe na kuwekwa stoo ya nje, kwani mvuke uliobaki ndani yake unalipuka kwa urahisi kuliko petroli iliyojaa hadi juu. Kwa sababu hiyo dumu la chuma lililotoboka lisipelekwe kwa fundi wa kuchomea, hata likiwa limeoshwa kwa maji na sabuni na halinuki tena. Mvuke hujificha katika maungio, na moto wa kuchomea huufikia. Litoboe matundu makubwa kwa patasi na nyundo ukiwa uwanjani, baada ya kulijaza maji mpaka mdomoni, ndipo uliuze kama chuma chakavu. La plastiki liondolewe kazini likianza kupauka, likiwa na vumbi jeupe ukilipangusa, au likitoa nyufa ndogo pembeni mwa mkono wa kushikia unapolibinya.